Sura ya Saba: Asha Wawili, Anwani Moja

Mwaka 1971, Ray Tomlinson, mhandisi wa kampuni ya BBN kule Cambridge, Massachusetts, alihitaji alama ya kutenganisha jina la mtu na jina la kompyuta anayoitumia. Alichagua @, alama iliyokuwa kwenye kibodi lakini haimo ndani ya jina la mtu yeyote. Tangu hapo anwani ya barua pepe imekuwa na pande mbili. Upande wa kulia, yaani kikoa, huiambia mitambo yote ya dunia barua ipelekwe kwenye seva ipi. Upande wa kushoto hauna maana kwa yeyote isipokuwa seva hiyo moja. Kanuni za mtandao zinataka usizidi herufi 64 na usiwe na alama fulani fulani, na zaidi ya hapo mwenye kikoa ana hiari yake. Akitaka kumpa mkurugenzi wake anwani ya `maembe7`, hakuna wa kumzuia.

Hiari hiyo ndiyo inayowapa kazi watu wa TEHAMA. Kwa kuwa hakuna sheria kutoka juu, kila shirika hujitungia mtindo wake, na mtindo huo hutungwa siku ambayo shirika lina watu kumi na wawili. Siku hiyo kila mtindo unafaa. Wapo wanaotumia jina la kwanza tupu, `asha@`. Wapo wanaochukua herufi ya kwanza na jina la mwisho, `ahamisi@`. Na wapo, nao siku hizi ni wengi, wanaoandika jina la kwanza, nukta, jina la mwisho: `asha.hamisi@`. (Katika sura hii nitatumia kikoa cha `example.org`, ambacho kimetengwa kwa ajili ya mifano tu, na majina ya watu ni ya kubuni.)

Mtindo wa herufi moja na jina la mwisho ulitoka kwenye mifumo ya zamani ya Unix, ambako jina la kuingilia lilikuwa na kikomo cha herufi nane. Kikomo kiliondoka, mazoea yakabaki. Ukiuleta Nairobi, Kamau wote wanaanza kugongana: John, Joseph, James, Jane na Joyce wote wanageuka kuwa `jkamau`. Mtindo huu unatupa taarifa ambayo ingeweza kuwatofautisha, halafu unaanza kuitafuta tena kwa kuongeza namba. Sioni sababu ya shirika linaloanza leo kuuchagua.

Jina la kwanza na la mwisho ni nafuu, lakini nalo limejengwa juu ya dhana kwamba jina la mwisho ni la ukoo, na kwamba koo ni nyingi na zimetapakaa. Kwetu dhana hiyo inayumba. Tanzania bara na visiwani, jina la tatu la mtu mara nyingi ni la babu yake, nalo ni jina la kawaida la mtu: Hamisi, Juma, Ali, Salum, Omari. Yaani majina yote matatu yanachotwa kwenye kapu lilelile. Kwa Wakikuyu, mtoto wa kiume wa kwanza hupewa jina la babu yake mzaa baba na wa pili la babu mzaa mama, hivyo majina huzunguka katika familia kizazi baada ya kizazi. Kwa Wajaluo, aliyezaliwa usiku ni Otieno au Atieno, na aliyezaliwa jua likiwaka ni Ochieng au Achieng. Majina haya yanamweleza mtu vizuri kabisa kwa watu wake. Hayakutungwa yawe ya pekee katika orodha ya wafanyakazi mia nne.

Basi tuseme shirika letu la `example.org` lina Asha Juma Hamisi, mhasibu, aliyeajiriwa zamani akapewa `asha.hamisi@example.org`. Leo idara ya utumishi inaleta jina la afisa ununuzi mpya: Asha Salum Hamisi.

Kompyuta yenyewe haitaleta fujo. Seva yoyote ya maana hukataa kuwapa watu wawili anwani moja, kwa sababu anwani lazima ielekeze sehemu moja. Fundi anaona ujumbe kwamba anwani imeshachukuliwa, anatazama saa, anaongeza 2. Asha wa ununuzi anakuwa `asha.hamisi2@example.org`, kompyuta inaridhika, na tatizo linaondoka mezani kwa fundi na kuhamia mezani kwa kila mtu mwingine.

Tazama kinachofuata. Msambazaji aliyekutana na Asha wa ununuzi kwenye mkutano anaijua fomula ya shirika, kwa hiyo anaandika `asha.hamisi@` bila kuuliza. Dereva aliyesomewa anwani kwa simu anasikia jina na kusahau namba. Mwenzake wa ofisi anaandika herufi tatu, Outlook inamletea jina la Asha aliyemwandikia mwaka jana, naye anabofya. Barua zote hizo zinakwenda kwa mhasibu. Wala hakuna hata moja inayorudi. Laiti anwani isingekuwepo, seva ingejibu kwa namba 550 kwamba mtu huyo hajulikani, na mwandishi angejua amekosea. Hapa anwani ipo na ni sahihi, barua imefika kwa mtu halisi, ila si yule aliyekusudiwa. Mwandishi anaamini amejibiwa kwa kimya.

Zamani barua ya karatasi iliyoandikwa "Asha Hamisi" na namba ya sanduku la posta la ofisi ilipita masijala, na karani aliyewajua wote wawili aliisoma bahasha, akaona imetoka kwa muuza vifaa, akaipeleka ununuzi. Barua pepe haina karani. Uamuzi aliokuwa akiufanya kwa macho na akili lazima sasa uwe umeandikwa ndani ya anwani yenyewe.

Ndiyo maana nasema namba 2 inawekwa mahali pasipo na tatizo. Anwani ya Asha wa pili haina utata: aliyeandika 2 alikuwa anamtaka yeye. Anwani yenye utata ni ya Asha wa kwanza, ile safi isiyo na namba, kwa kuwa tangu siku ile inabeba barua za watu wawili. Ukimgusa mgeni peke yake ukamwacha mwenyeji alivyo, umeacha mlango wazi. Dawa ni kuwabadilisha wote wawili, na anwani fupi isibaki kuwa ya yeyote.

Watu wa utumishi hawalipendi pendekezo hili, na ninawaelewa. Mama wa watu amekuwa na anwani yake kwa miaka, ipo kwenye kadi, ipo benki, leo anaambiwa aiache kwa sababu ya mtu aliyeajiriwa jana. Lakini ukimweleza kwamba kila hati ya mshahara, matokeo ya hospitali na barua ya nidhamu ya mwenzake itakuwa inapita kwake, na kwamba zake nazo siku moja zitapotea upande wa pili, kwa kawaida yeye ndiye wa kwanza kuuliza mabadiliko yataanza lini.

Hatua ya kwanza ni kujua anwani fupi inashikiliwa na nani hasa. Usitegemee orodha ya majina, kwa sababu anwani moja inaweza kuwa imejificha kama anwani ya pili ya akaunti nyingine, au kuwa jina la kundi, au ya kisanduku cha pamoja cha idara. Kwenye Exchange, amri hii hutaja anayeishikilia hata kama si anwani yake kuu:

```
Get-Recipient -Identity asha.hamisi@example.org
```

Kisha tafuta cha kuwatofautisha. Herufi ya jina la kati, `asha.j.hamisi` na `asha.s.hamisi`, ndiyo inayokuja haraka kichwani, nami siipendi. Herufi moja hupotea machoni, hupotea zaidi kwenye simu, na aliyeisahau hana namna ya kukisia. Majina matatu kamili ni marefu lakini yanakumbukika kwa sababu ndiyo majina ya watu wenyewe, yaliyo kwenye kitambulisho cha taifa na kwenye mkataba wa kazi:

```
asha.juma.hamisi@example.org
asha.salum.hamisi@example.org
```

Idara isiingie kwenye anwani. `asha.hamisi.fedha` inapendeza hadi siku Asha anapohamishiwa ukaguzi, na hapo ama anwani inadanganya ama inabidi kubadilishwa tena. Mwaka wa kuzaliwa usiingie kabisa, maana ni taarifa binafsi inayotangazwa kwa kila anayeandikiwa. Nukta peke yake nayo si tofauti. Kwenye Gmail ya kawaida nukta hupuuzwa, `ashahamisi` na `asha.hamisi` ni mtu mmoja. Lakini kwenye akaunti za Google za mashirika nukta huhesabika, na hizo huwa anwani mbili. Fundi anaweza basi kuwapa Asha wawili anwani zinazotofautiana kwa nukta, na mtambo utakubali. Watu hawatakubali.

Ikiwa hata majina matatu yanafanana, jambo ambalo kwa Juma Ali Juma si la ajabu, waite wote wawili kabla hujaamua chochote. Mara nyingi ofisi imeshawatofautisha zamani: mmoja anaitwa kwa jina la nne, mwingine kwa jina la ukoo ambalo halimo kwenye mkataba. Jina ambalo wenzake wanamwita, naye mwenyewe analikubali kwa maandishi, ni bora kuliko lolote litakalotungwa na fundi. Namba iwe ya mwisho kabisa, na ikiwekwa iwekwe kwa wote wawili, tena iwe namba yao ya ajira. Moja na mbili humfanya mmoja aonekane wa akiba.

Sasa kazi ya kuhamisha. Kwenye mifumo ya Microsoft kila akaunti ina orodha ya anwani zake, na tofauti kati ya ile kuu na zile za ziada ni ukubwa wa herufi tu. Akaunti ya mhasibu wetu, wiki ya kwanza, inasomeka hivi:

```
SMTP:asha.juma.hamisi@example.org
smtp:asha.hamisi@example.org
```

Herufi kubwa ni anwani inayoonekana kwa anayepokea. Herufi ndogo ni ile inayoendelea kupokea kimyakimya. Kwenye Google hali inafanana: ukibadilisha anwani ya mtu, ya zamani hubaki yenyewe kuwa ya ziada. Kwa hiyo siku ya kwanza hakuna kinachokatika. Barua za mhasibu zinatoka na jina jipya, na wanaomjibu wanajifunza jina hilo bila kufundishwa. Asha wa ununuzi anaanza na anwani yake kamili, hana historia ya kusafisha.

Kipindi hiki cha anwani mbili ndicho wengi hukisahau kikawa cha milele. Kina kazi moja maalumu: kuhamisha kila kitu cha nje kilichosajiliwa kwa anwani fupi. Mhasibu akae na orodha: benki zinazotuma taarifa za akaunti, mfumo wa kodi, tovuti za wasambazaji, kampuni ya bima. Hizi ni muhimu kuliko marafiki na wenzake, kwa sababu mashine ya benki haisomi majibu. Mtu ukimwambia "nimehama" atarekebisha. Mashine itaendelea kutuma palepale mwaka hata mwaka. Tena ni anwani hiyohiyo inayotumika pale mtu anapobofya "nimesahau nenosiri". Anayeipokea ndiye mwenye ufunguo. Njia ya kujua kama kazi imekwisha ni kutazama barua zinazoingia kupitia anwani fupi wiki hadi wiki, na kuzipanga kwa mtumaji. Mwanzoni zitakuwa nyingi na za kila namna. Zikifikia hatua ya kuwa za watu wachache na matangazo, miezi mitatu au sita baadaye, muda umefika.

Hapo anwani fupi inaondolewa kwa mhasibu na kupewa kisanduku kisicho na mtu, chenye jibu moja la kudumu. Maneno ya jibu hilo yafikiriwe. Lisitaje anwani za Asha wote wawili, maana litawapa pia watapeli wanaorusha barua ovyo. Na lisiseme "tumepokea barua yako", kwa sababu hilo ni uongo. Ningeandika hivi: "Ofisi yetu ina wafanyakazi zaidi ya mmoja wenye jina hili. Barua yako haijasomwa na mtu yeyote. Tafadhali piga simu mapokezi, utaje idara unayoitaka, upewe anwani kamili." Mwandishi anakereka kidogo, lakini anajua. Hilo ndilo lililokosekana kwenye mpango wa namba 2.

Mafundi wengi huishia hapa, na wiki inayofuata hati ya mshahara ya Asha wa ununuzi inatua kwa Asha wa fedha. Wanashangaa, kwa sababu anwani zimetengana kabisa. Kosa ni kwamba ndani ya ofisi watu hawaandiki anwani. Wanaandika "ash", orodha inashuka, wanabofya jina. Kama kwenye orodha wote wawili wameandikwa "Asha Hamisi", kazi yote tuliyofanya kwenye anwani haionekani kwa macho. Jina la kuonyesha ni kitu tofauti na anwani, linawekwa mahali pengine, na linaruhusiwa kufanana kwa watu mia moja bila mtambo kulalamika. Hapa ndipo idara inapofaa: "Asha Juma Hamisi (Fedha)", "Asha Salum Hamisi (Ununuzi)". Akihama idara unabadilisha mabano tu na hakuna barua inayopotea. Weka na picha. Kisha waombe wenzao wafute lile pendekezo la zamani ambalo Outlook imelikariri, kwa kubofya alama ndogo ya x pembeni ya jina, kwa sababu programu hukumbuka ilichozoea hata baada ya orodha kuu kurekebishwa.

Hati za mshahara, kwa kweli, hazikupaswa kutegemea jina hata kidogo. Mfumo unaozituma uwe na namba ya ajira ya kila mtu, na anwani iwe imefungwa kwenye namba hiyo. Karani anayeziambatisha moja moja kwa kutafuta jina kwenye orodha atakosea, si kwa uzembe bali kwa sababu amepewa kazi inayomtaka akisie. Na kosa hilo lina sheria yake sasa: Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kiwango cha mshahara wa mtu kufika kwa mwenzake wa jina moja hakiitwi tena bahati mbaya ya ofisini.

Limebaki swali la siku Asha mmoja atakapoondoka. Tuseme mhasibu amestaafu, na miaka miwili baadaye anaajiriwa Asha Juma Hamisi mwingine, majina yote matatu. Anwani iko wazi, mfumo unairuhusu, kwa nini asipewe?

Mwaka 2013 kampuni ya Yahoo ilifanya jambo la namna hiyo kwa kiwango kikubwa: ilitangaza kwamba majina ya akaunti ambazo hazijaguswa kwa zaidi ya miezi 12 yatatolewa upya kwa watakaoyaomba. Baadhi ya waliopewa walianza kupokea barua za wenyeji wa zamani, zikiwa na taarifa za akaunti zao kwenye tovuti nyingine. Yahoo na Facebook walikuwa wameshaiona hatari hiyo, wakatunga utaratibu uliochapishwa mwaka 2014 kama RFC 7293. Kwa utaratibu huo, tovuti inayotuma barua nyeti huambatisha mstari unaosema: mpelekee mtu huyu iwapo tu anwani imekuwa yake tangu tarehe fulani, na seva inayopokea inaikataa ikiwa mmiliki amebadilika.

```
Require-Recipient-Valid-Since: asha@example.org; Sat, 1 Jun 2013 09:23:01 -0700
```

Ni suluhisho la busara, lakini linahitaji pande zote mbili, mtumaji na mpokeaji, ziwe zimeliweka. Shirika la watu mia nne haliwezi kutegemea kwamba benki yake na kila msambazaji wake wamefanya hivyo.

Kwa hiyo anwani ya aliyeondoka haigawiwi. Kwa muda mfupi inaelekezwa kwa mkuu wa idara, ili ankara zilizoko njiani zisipotee, kisha inafungwa. Anayeiandikia arudishiwe barua yake na ile 550. Anwani yenyewe inaingia kwenye orodha ya anwani zisizotolewa tena, na orodha hiyo ikae pamoja na kumbukumbu za utumishi na si kichwani mwa fundi, kwa sababu fundi naye ataondoka. Akaunti ikifutwa kabisa kwenye mfumo, baada ya wiki chache mfumo wenyewe husahau kwamba anwani hiyo iliwahi kuwepo, na amri tuliyoandika juu itajibu kwamba haipo. Asha Juma Hamisi mwingine atakapoajiriwa, orodha hiyo ya karatasi au ya jedwali ndiyo pekee itakayomwambia fundi asiitoe. Atamwita, amuulize ana jina la nne gani.